Fremu Nyeusi, Neno Kubwa: Namna Picha za Hikima ya Mzaha Zinavyoundwa

Mwenye simu yoyote katika nchi ya chai, kuanzia Litein na Kapkatet mpaka Mogogosiek, anaijua ile picha inayofika alfajiri katika kundi la WhatsApp la ukoo au la wakulima: vilima vya kijani vilivyofunikwa na ukungu, jua likichomoza, na chini yake maneno ya wasia juu ya bidii na kutokata tamaa. Katika siku za karibuni pacha wake naye amezoeleka, picha ile ile kwa sura na kwa heshima yake, ila ukiyasoma maneno yake unakuta hayana maana hata chembe, au yana maana iliyo kinyume kabisa na wasia. Watu hucheka, kisha huipeleka mbele, na wachache huuliza kicheko kile kimetengenezwa vipi. Nami naona kazi hii inastahili kuchambuliwa kwa utulivu, maana ina kanuni zake, na anayezivunja huharibu kitu chenyewe.

Umbo linaloigwa lina asili inayojulikana. Katika mwaka 1985 ilianzishwa kampuni ya Kimarekani iitwayo Successories, iliyokuja kujulikana kwa mabango ya kutundikwa katika maofisi: picha ya mandhari tukufu ndani ya fremu nyeusi, neno moja kubwa la sifa njema, na chini yake sentensi moja ya kumhimiza mfanyakazi. Mwaka 1998 kampuni nyingine ya huko huko, Despair, Inc., ikalichukua umbo hilo bila ya kulibadilisha, fremu ile ile na hati ile ile, ikaweka sentensi za kukatisha tamaa mahali pa zile za kutia moyo, na mabango yake yakanunuliwa na wafanyakazi waliochoshwa na yale ya kwanza. Siri nzima ya fani hii imo katika tendo hilo: kila kitu kiachwe na unyofu wake, isipokuwa sentensi.

Tuichukue basi picha moja ya kwetu, tuijenge hatua kwa hatua. Mandhari iwe shamba la chai karibu na mji wa Kericho, wakati ukungu haujapanda, na mstari wa upeo ukae katika theluthi ya juu. Mtu asionekane, au akionekana awe mdogo na mbali, kwa sababu uso ulio karibu humvuta msomaji asahau maneno. Kisha fremu nyeusi nzito, yenye mstari mwembamba mweupe kwa ndani, na ukingo wa chini uwe mpana kuliko kingo nyingine ili upatikane uwanja wa maandishi. Katika uwanja huo liandikwe neno moja, SUBIRA, kwa herufi kubwa zenye vijimkia, zilizoachanishwa kidogo, kwa kuwa nafasi kati ya herufi ndiyo inayolipa neno haiba ya kaburi au ya mahakama. Hadi hapa hatujafanya mzaha wowote, na mtu akiizuia kazi yetu hapa ataiona ni bango halali la ofisi ya kiwanda.

Sasa ije sentensi, nayo yaweza kushika mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni dhihaka yenye shabaha: «Subira huvuta heri, bonasi huvutwa na mengine.» Mkulima mdogo wa Bomet aliye chini ya KTDA hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo za majani mabichi, kisha huyangojea malipo ya pili, ambayo kila mtu huyaita bonasi, baada ya mwaka wa hesabu kufungwa tarehe 30 Juni; na aghalabu kiwango anachopata yeye wa magharibi ya Bonde la Ufa huwa chini ya kile cha mwenzake wa mashariki. Sentensi ile haisemi lolote katika hayo, bali huazima nusu ya kwanza ya methali ambayo msomaji anaiamini tangu utotoni, ikamwacha aimalizie nusu ya pili kwa machungu anayoyajua mwenyewe.

Njia ya pili ni upuuzi mtupu, nayo ni ngumu zaidi: «Mchai hauulizi mvua imetoka wapi; nawe usiulize kiatu chako cha pili.» Nusu ya kwanza lazima iwe ya kweli na nzuri, kiasi cha kuweza kusimama peke yake, nusu ya pili lazima ishike muundo ule ule wa kauli, na mizani iliyo karibu, hata sikio likubali kabla akili haijakataa. Ukiandika upuuzi tangu neno la kwanza, msomaji hujihami mapema na hakuna kinachoanguka. Sisi tuliolelewa na kanga, zenye pindo, mji na jina lake, tumezoea kuukuta usemi mfupi wa pande mbili chini ya pambo, na ndiyo sababu mtego huu hutunasa upesi.

Kazi huharibika kwa njia chache, nazo zote ni za kuzidisha. Mtu huongeza kikatuni cha uso unaocheka, na papo hapo unyofu wa fremu huvunjika; au huchagua picha ya kuchekesha, tumbili aliyevaa miwani kwa mfano, picha na maneno vikashindana; au huirefusha sentensi ikafika mstari wa nne, hali wasia wa bango hautakiwi kuvuka miwili.

Lakini kosa kubwa kuliko hayo ni jina linalotiwa chini ya sentensi. Jina la mtu mashuhuri huipa sentensi uzito wa bure, na Waafrika wa Mashariki tunao mfano wa wazi kabisa. Katika miaka ya 2010 zilienea Kenya, na barani kote, picha za Robert Mugabe, kidole kimeinuliwa, zikiwa na nasaha za ajabu juu ya mapenzi, ndoa na pombe, na jina lake limeandikwa chini. Zilimkaa vizuri kwa sababu ulimi wake wa kweli ulikuwa mkali, na alipohutubia Umoja wa Mataifa Septemba 2015 alisikika akitoka nje ya hotuba iliyoandikwa. Hivyo jambo lolote la ukali lilisadikika kuwa ni lake. Ukizitazama kwa makini lakini, nyingi hazikuwa na mahali, wala tarehe, wala hadhira, na shida zilizotajwa mara nyingi zilikuwa za kijana wa Nairobi kuliko za Rais wa Zimbabwe. Wapo waliozicheka, na wapo waliozinukuu kwa dhati.

Kuna dalili moja ya kiufundi ambayo msomaji aweza kuichunguza mwenyewe kwa kuikuza picha. WhatsApp huibana upya picha ya JPEG kila inapopakiwa kwa upya, na mbano huo huacha chembechembe za ukungu kandokando ya herufi. Ukiona sentensi imezungukwa na chembe hizo, ilhali jina lililo chini yake lina kingo safi, yamkini jina liliongezwa baadaye na mkono mwingine. Dalili hiyo ina mpaka wake: picha ikibanwa mara kadhaa baada ya jina kutiwa, ukungu huenea kote na tofauti hufutika. Ile mishale miwili inayoonekana juu ya picha iliyopitishwa mara nyingi nayo hueleza wingi wa safari tu, haielezi ukweli wa maneno.

Kwa hiyo nawasihi mafundi wa picha hizi walioko Kericho na Bomet: bango la SUBIRA liachwe bila jina. Sentensi ile ya bonasi, ikiandikwa chini yake jina la mkurugenzi wa kiwanda aliye hai, hasa wakati wa uchaguzi wa wakurugenzi, haitakuwa tena mzaha wala dhihaka. Itakuwa ni uzushi juu ya mtu, na mkulima aliyeipokea alfajiri atakwenda nayo kituo cha kupimia majani akiamini kwamba maneno yale yalisemwa.