Foto mbili za marehemu mwenzetu: toga ni ya kuweka, uso ni wa nani?



Mliona hapa foto mbili za marehemu mwenzetu, yule tuliyesoma naye agronomi. Wengi mliweka moyo na kupita. Leo nataka tuziangalie vizuri, moja kisha nyingine, na kusema wazi ni wapi zilikosea. Ya kwanza ilitengenezwa na kamaradi mmoja wa komite. Ya pili niliitengeneza mimi. Basi siko mwamuzi asiye na upande, lakini mtaona kwamba ya kwangu pia sitaihurumia.

Tuanze na foto ya asili. Ilipigwa kwa simu saa sita mchana, ku shamba la majaribio ya muhogo, wakati wa staji. Anatazama kamera, anacheka, amevaa kofia ya majani na shati la jasho. Ilifika kwetu kwa WhatsApp, kwa hiyo ilikuwa imebanwa: upana pikseli 900, urefu 1200, na uso wenyewe kama pikseli 200 tu. Njo foto pekee safi ya mbele ambayo familia iko nayo. Alikuwa ametetea lisansi yake, lakini kolasyo haikumkuta. Familia iliomba foto yenye toga, ya kuchapisha kwa misa ya mwaka mmoja.

Kamaradi alifungua Photoshop. Kwa Lasso alizunguka kofia, masikio, pembeni ya mashavu, kidevu mpaka kifua, akabonyeza "Remplissage génératif" na kuandika: homme en toge noire, sans chapeau. Haikumaliza dakika moja, zikaja sura tatu za kuchagua. Akachukua iliyo nzuri zaidi. Kiisha akaona mstari mdogo kwenye shavu la kushoto, pale kipande kipya kilikutana na cha zamani. Akachagua tena shavu lote pamoja na pembe ya kinywa, akabonyeza mara ya pili. Mstari ukapotea. Foto ikawa safi kabisa.

Tulipoipeleka, mama yake aliishika simu muda mrefu. Akasema polepole: "Huyu haiko mutoto yangu. Banafanana tu. Mwanya yake iko wapi?"

Mwanya ulikuwa umefungwa. Na hakuna mtu aliyeomba ufungwe.

Hapa njo penye kosa lenyewe, na mara nyingi tunalielewa vibaya. Watu wanafikiri kifaa kile kinachimba ndani ya foto na kutafuta kilichofichwa chini ya kofia. Hapana. Chini ya kofia hakuna kitu. Mwanga wa paji lile haukuingia kwenye kamera siku ile. Kifaa kinaangalia yanayozunguka sehemu uliyochagua, kinasoma maneno yako, kisha kinabuni kitu kinachokubaliana nayo, kwa kufuata mafoto mengi ya watu wengine kiliyojifunza. Kwa toga hiyo haina shida, toga moja ni sawa na nyingine. Kwa paji la uso, mstari wa nywele, sikio na jino, kinakupa vya mtu anayewezekana, si vya mtu wako. Na mtu anayewezekana mara nyingi ana meno yaliyopangwa, ngozi laini, bila kovu.

Sisi wa agronomi tuko na mfano wake. Ukipanda mbegu ya avoka nzuri, utapata avoka, ndiyo, lakini haitakuwa ileile. Mbegu haihifadhi aina. Ukitaka ileile unakata kijiti na kukipandikiza ku shina lingine. Kujaza kwa kifaa ni mbegu. Maski ya mkono ni kupandikiza: uso unabaki wa mti wa asili, unabadilisha shina tu.

Tuseme pia kitu cha haki kwa kamaradi. Macho na pua kwenye foto yake havikuguswa hata pikseli moja, juu hakuvichagua. Katika Photoshop kinachobadilika ni kile ulichozungushia, pamoja na ukingo mwembamba wa kuunganisha. Aplikasio nyingi za simu ziko mbaya zaidi: unaomba shati tu, zinachora foto nzima upya, hata uso ambao hukuugusa. Lakini angalia namna kosa liliingia. Halikuingia kwa toga. Liliingia kwa kurekebisha ule mstari mdogo wa shavu. Kila mara unapopanua eneo ili kufuta mshono, unakula uso kidogo zaidi.

Na hatari haiko ileile kwa kila anayetazama. Mtu tunayemzoea tunamtambua zaidi kwa macho, pua na kinywa. Njo maana mama aliona mwanya mara moja. Mtu ambaye hatumjui tunamshika sana kwa nywele na umbo la kichwa. Basi ukibadilisha nywele tu kwenye foto ya kartidentite, bila kugusa kinywa, mama yako atakutambua, lakini ajenti wa mpakani atasita.

Sasa foto yangu. Nilichukua foto yangu mwenyewe ya siku ya kolasyo, nikaiweka kama tabaka juu ya ile ya shamba, nikaongeza "Masque de fusion". Kwenye maski rangi nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha. Hakuna kinachofutwa, ukikosea unapaka tena. Nilificha kichwa changu na kuacha toga ikae mabegani mwake. Uso wake ulibaki chini, tabaka limefungwa kwa kufuli. Kazi ilichukua mangaribi mawili, na umeme ulikatika katikati.

Matokeo? Uso ulikuwa wake asilimia mia, na foto ilikuwa mbaya. Kwanza, toga niliipanua kupita kiasi, kichwa kikaonekana kidogo kama cha mtoto wa sekondari, na wengine wakaniuliza kama alikuwa amekonda. Hakuna pikseli ya uso iliyobadilika, lakini mabega mapana yalidanganya jicho. Pili, mwanga. Mimi nilipigwa foto ndani ya sale, dirisha likiwa kushoto. Yeye alikuwa chini ya jua la saa sita. Shingo yake ilikuwa na kivuli kizito chini ya kidevu, toga yangu ilikuwa inang'aa upande mmoja. Kichwa kikaonekana kimebandikwa na gundi. Tatu, ukingo wa shingo ulibaki na uzi mweupe, masalio ya ukuta wa sale.

Na paji la uso? Nilijaribu kuondoa kofia kwa kuazima paji kutoka foto yake ya mwaka wa pili. Pale alikuwa amegeuka upande, uso wa robo tatu. Haikukubali. Ukitaka kupandikiza ni vizuri vijiti na shina vilingane unene. Ni vilevile hapa. Pembe ya kichwa ikiwa tofauti, maski haina dawa. Nikaacha kofia ibaki.

Kwa hiyo hukumu yangu haiko "mkono ni mzuri, kifaa ni kibaya". Kifaa kilikosea kwa kudanganya vizuri. Mkono wangu ulikosea kwa kusema kweli vibaya. Kosa la pili linaonekana na kila mtu, linaweza kurekebishwa. La kwanza halionekani na yeyote asiyemjua marehemu, njo maana liko hatari. Baada ya miaka 20, watoto wa dada yake wataangalia foto ile na kuamini mjomba hakuwa na mwanya.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila anayetengeneza foto kwa ajili ya ukurasa huu alifanye kabla ya kuposti. Weka foto ya asili juu ya foto mpya, zilingane kabisa, kisha geuza namna ya kuchanganya iwe "Différence". Pale ambapo hakuna kilichobadilika panakuwa peusi. Pale palipobadilika panang'aa. Nilipofanya hivyo kwa foto ya kamaradi, toga iling'aa, na hiyo ni sawa. Lakini ikang'aa pia tao la paji, sikio zima, na kipande cha shavu kilichoingia mpaka menoni, kama mwezi mwembamba. Ukiona vumbi hafifu kila mahali, hiyo inatokana na kubanwa kwa faili, usijali. Ukiona umbo la mdomo, la jicho, la taya, simama hapo.

Foto ya tatu tuliifanya pamoja, kamaradi na mimi. Tulichukua foto ya asili, tukachagua eneo kuanzia vidole viwili chini ya kidevu mpaka chini, bila kugusa taya. Kifaa kikajaza toga. Faida yake ilionekana palepale: kwa kuwa kinasoma foto inayozunguka, toga ilikuja na jua la saa sita, vivuli vikienda upande uleule. Hilo mimi sikuliweza kwa mangaribi mawili. Lakini kilibuni pia nembo kifuani yenye herufi zisizosomeka, tuliifuta. Kiisha kazi ya mkono: ku maski ya tabaka lile tulipaka nyeusi pale ukosi ulipopanda juu ya shingo, tukalainisha ukingo kwa pikseli moja tu, na kuongeza kivuli chepesi chini ya kidevu kwenye tabaka lenye namna ya "Produit". Dakika kama 40. Jaribio la "Différence" likaonyesha uso mweusi wote, mpaka kidevuni.

Kofia tuliiacha. Kamaradi alilalamika: "Nani anavaa toga na kofia ya shamba?" Tukampelekea mama hivyohivyo. Alicheka kwanza, kiisha akajipangusa macho. "Ile kofia iko yake," akasema. "Na mwanya imerudi. Muchapishe hii."

Pendekezo langu kwa komite ni fupi. Nguo, toga na ukuta wa nyuma, tumieni kifaa, lakini eneo lisipande juu ya kidevu. Nywele na paji la uso, kwa mkono tu, na kutoka foto nyingine ya mtu huyohuyo yenye pembe ileile. Ikikosekana, acheni kama ilivyo. Meno, macho na makovu, hakuna mtu wa kuvigusa. Na chini ya foto tuandike maneno mawili: "toga imeongezwa". Lisansi yake aliitetea mwenyewe, hiyo ni kweli. Toga tulimvalisha sisi.