"Mnaiona skrini yangu?" ni swali bovu

Kila semina ya mtandaoni inaanza hivyo hivyo. Mtoa mada anashea skrini, anakohoa kidogo, anauliza "mnaiona skrini yangu?", na sisi wote tunaandika "ndiyo". Tunaiona kweli. Kuisoma ni habari nyingine, lakini hakuna aliyeuliza. Dakika kumi baadaye mtu mmoja jasiri anasema maandishi yana ukungu, na jibu linakuja haraka: "Samahani jamani, ni mtandao."

Leo nataka kulikosoa jibu hilo, maana limenigharimu siku nzima ya kupanda mlima kwenye mvua.

Nilikuwa Sigi, pale chini ya Amani kwenye Usambara Mashariki, ambapo lango la hifadhi lipo jirani na jengo la stesheni ya ile reli ya zamani ya Wajerumani. Mto Sigi, wengine huuita Zigi, unashuka kutoka misitu hiyo hadi bwawa la Mabayani linalohudumia jiji la Tanga, kwa hiyo wanafunzi wa maji hatukosekani pale. Mwenzangu, aliyekuwa Lushoto upande wa pili wa milima, alikuwa anawasilisha orodha ya vituo vyake vya kuchukulia sampuli. Niliinakili kutoka kwenye skrini. Kesho yake nikaenda kituo S8. Kituo alichokuwa anakisema ni S3.

Sayansi ya mwenzangu ilikuwa safi, hilo sina ugomvi nalo. Hata sauti yake niliipata vizuri kabisa, neno kwa neno. Na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu mtandao ukiwa hoi, sauti huwa haiachwi salama kwa muda mrefu. Halafu mwenzetu wa tatu, aliyekuwa Dar es Salaam kwenye intaneti ya waya, aliona ukungu ule ule. Milima ya Usambara haikuwa na kosa.

Basi jioni moja tukarudia mkutano ule ule, sisi watatu tu, tukitumia kivinjari cha Chrome. Kivinjari hicho kina ukurasa wa takwimu ambao watu wengi hawajawahi kuufungua. Unaandika `chrome://webrtc-internals` kwenye sehemu ya anwani, mkutano ukiwa unaendelea kwenye kichupo kingine. Ni ukurasa mbaya kwa sura, umejaa namba, lakini unahitaji mistari mitatu tu. Kwangu mimi mpokeaji ilisomeka hivi:

```
frameWidth   1920
frameHeight  1080
```

Na kwake mtumaji:

```
qualityLimitationReason   none
```

Mstari huo wa mwisho ndio shahidi wetu. Kama mtandao ungekuwa unabana picha, ungesema `bandwidth`. Kama kompyuta yake ingekuwa imezidiwa, ungesema `cpu`. Ulisema `none`. Picha haikubanwa na yeyote kati ya hao, na bando langu la Sigi lilikuwa linaleta pikseli zote 1920 kwa 1080 bila kunung'unika. (Wanaotumia programu ya Zoom hawahitaji ukurasa huu. Wao waende Settings, kisha Statistics, kisha Screen Share.)

Sasa herufi zilipotelea wapi? Hapa inabidi tukumbuke kitu ambacho neno "kushea" linatufichia. Hushei maandishi. Kompyuta yako inapiga picha za skrini mfululizo, inazigeuza kuwa video, na mtazamaji anatazama video. Picha hiyo hupunguzwa ukubwa njiani, mara nyingi zaidi ya mara moja, na kila inapopunguzwa pikseli kadhaa zinachanganywa kuwa moja.

Tufuate tarakimu moja tu, ile 3 iliyonipoteza.

Mwenzangu ana skrini kubwa ya 3840 kwa 2160. Alikuwa ameshea skrini yote, na jedwali lake la Excel likiwa asilimia 100. Tulipopiga picha ya skrini yake na kuhesabu, tarakimu zilikuwa na urefu wa pikseli 14. Kwake zinang'aa kama kioo. Picha ilipotumwa ikiwa 1920 kwa 1080, kila upande ulikatwa nusu, kwa hiyo tarakimu ikabaki na pikseli 7. Bado inasomeka. Lakini mimi natumia kompyuta mpakato ya 1366 kwa 768, tena nilikuwa nimeacha sura za washiriki pembeni na kidirisha cha mazungumzo wazi. Nafasi iliyobaki kwa ajili ya picha ilikuwa na upana wa pikseli 1000 hivi. Kutoka 1920 kwenda 1000 ni karibu nusu nyingine. Pikseli 7 zikawa chini ya 4.

Itazame tarakimu 8 uone kwa nini 4 hazitoshi. Ina mstari wa juu, uwazi, mstari wa kati, uwazi, na mstari wa chini. Hivyo ni vitu vitano vilivyopangana, kwa hiyo inataka angalau safu 5 za pikseli, na hizo ni kama bahati itakuwa upande wako na mistari ikaangukia sawasawa kwenye safu zake. Tarakimu 3 na 6 nazo ni hivyo hivyo, tofauti zao ni upenyo mdogo wa kushoto au kulia. Ukizibana chini ya safu 5, mistari na nafasi zinachanganyika kuwa kijivu, na 3, 6 na 8 zinakuwa watoto wa mama mmoja. Herufi *e*, *c* na *o* zina tabia hiyo hiyo. Katika sentensi ya kawaida ubongo unajaza wenyewe, ndiyo maana hatulalamiki sana. Kwenye namba ya kituo au jina la kisayansi la mmea hakuna cha kubahatisha nacho.

Na hapa nijikosoe na mimi. Kama ningefungua picha ikajaza skrini yangu yote, upana wa 1366, zile pikseli 7 zingeshuka hadi 5 hivi. Mpakani kabisa, lakini pengine ningeiona 3. Kwenye Zoom mtazamaji anaweza pia kwenda View Options na kuchagua ukubwa halisi, 100% (Original Size), kisha akaisogeza picha kwa mkono. Sikufanya lolote. Niliandika "ndiyo, tunaiona".

Dawa kuu lakini iko kwa mtoa mada, na siyo kununua skrini kali zaidi. Kinyume chake: skrini ikiwa na pikseli nyingi na maandishi yakabaki madogo, hasara inaongezeka. Kinachoamua ni maandishi yanachukua sehemu gani ya picha inayotumwa. Tulijaribu njia mbili. Ya kwanza, alikuza jedwali hadi asilimia 200. Tarakimu zikawa 28 kwake, 14 njiani, na zaidi ya 7 kwangu. Ya pili, alirudisha asilimia 100, akaacha kushea skrini yote, akashea dirisha la Excel peke yake baada ya kulipunguza liwe robo ya skrini, yaani 1920 kwa 1080. Mara hii picha haikuhitaji kukatwa nusu njiani. Tarakimu zikatoka kwake zikiwa 14, zikafika kwangu zikiwa zaidi ya 7. Matokeo ni yale yale kwa njia mbili tofauti, na ukifikiri kidogo utaona ni njia moja. Gharama yake pia ni moja: mistari ya jedwali inayoonekana kwa wakati mmoja inapungua. Jedwali la mistari 60 halitaingia. Mimi nasema lisiingie tu, kwani hakuna aliyekuwa analisoma.

Kushea dirisha kuna mtego wake kwa wanaotumia PowerPoint. Ukibonyeza kuanza slaidi, onyesho hufunguka kwenye dirisha jipya, na wasikilizaji wanaweza kubaki wanatazama lile la zamani la kuhariri, lenye slaidi ndogondogo pembeni. Nenda Slide Show, Set Up Slide Show, uchague Browsed by an individual (window). Onyesho litabaki ndani ya dirisha unaloweza kulipunguza na kulishea.

Kulikuwa na kosa la pili, nalo lilijificha nyuma ya la kwanza. Namba za vituo aliziandika kwa nyekundu juu ya kijani. Video nyingi za mikutano hubeba mwangaza wa kila pikseli, ila rangi hubebwa moja kwa kila pikseli 4, kwa sababu jicho letu huona tofauti ya mwangaza vizuri kuliko tofauti ya rangi. Kwa uso wa mtu hilo halisumbui. Kwa herufi nyembamba nyekundu juu ya kijani chenye mwangaza unaokaribiana nao, rangi ndiyo pekee iliyokuwa inaitenganisha herufi na karatasi yake, na hiyo ndiyo imekatwa. Tulipobadilisha kuwa nyeusi juu ya nyeupe, kingo zilikaza papo hapo bila kugusa kitu kingine.

Sisemi mtandao hausingiziwi kwa haki hata mara moja. Ukungu wa mtandao upo, ila una mwendo wake: slaidi ikibadilika unakuja, slaidi ikitulia sekunde chache unaanza kuondoka, kwa kuwa maelezo madogo madogo yanaendelea kuwasili. Ukungu wa kupunguzwa ukubwa haubadiliki hata ukisubiri hadi magharibi. Na ule wa rangi unashika maandishi ya rangi tu, huku meusi ya pembeni yake yakiwa sawa. Kuna mmoja zaidi wa kujitakia: kwenye Zoom, wakati wa kushea, kuna kisanduku cha Optimize for video clip. Kukiweka tiki ni kuiambia programu ipe kipaumbele mwendo laini, hata kama ukali wa picha utapungua. Kwa filamu ni sawa. Watu wengi hukitia tiki ili sauti ya kipande cha video isikike, kumbe ya sauti ni kisanduku kingine, Share sound, halafu wanarudi kwenye jedwali bila kukiondoa.

Wiki iliyofuata mwenzangu aliwasilisha tena. Hakuuliza kama tunaiona skrini yake. Alimtaja mmoja wetu aliyekuwa anatazama kwa simu, akamwambia, "Hebu nisomee namba ya kituo cha mwisho hapo chini." Akakosea. Mwenzangu akakuza hadi asilimia 250, akamwomba tena, na safari hii ikatoka sawa.