Saa Nne ya Wapi?

Kutoka Tunduma hadi Nakonde ni mwendo wa miguu, ila saa haziendi pamoja. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja: kwetu ikigonga saa tano asubuhi, kwao ndiyo kwanza saa nne.

Jioni moja, katika ofisi ya uwakala wa forodha, nilimwona karani akipokea ujumbe wa bosi wake aliyekuwa safarini Lusaka: "Yale ya mbolea yavuke kesho kabla ya saa nne asubuhi."

Hakujibu papo hapo. Alifungua kwanza jalada. Malori ya mbolea yalikuwa matatu tu, na karatasi zake zote zimekamilika. Hapo hapakuwa na la kuuliza. Kisha akalipima neno "yavuke". Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Oktoba 2019, lori linalotoka Tanzania humalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde. Kwa hiyo lori laweza kuwa limeshavuka mstari na bado likashinda yadi likisubiri kuruhusiwa.

Ndipo akaandika: "Shikamoo bosi. Nimekuelewa hivi: malori yote matatu ya mbolea yawe yameruhusiwa na kutoka geti la Nakonde, si kuingia yadi tu, kabla ya saa nne asubuhi. Swali moja: ni saa nne ya Tunduma au ya Lusaka?"

Ujumbe huo nimeurudia kichwani mara nyingi. Hakumrudishia bosi maneno yake yaleyale, kwa maana "yavuke" lingebaki na maana zake mbili. Alilifumbua kwa kitu kinachoonekana kwa macho, yaani lori kutoka getini, ili kama amekosea, bosi aone kosa mara moja. Yale ambayo jalada lingeweza kumjibu, hakumsumbua nayo bosi. Akauliza lile tu ambalo jibu lake lingebadilisha kazi ya usiku ule: madereva waamshwe saa kumi alfajiri, au saa kumi na moja.

Tena aliliunda kwa "au". Swali la namna hiyo halijibiki kwa "sawa". Bosi akijibu "sawa", ujue hajausoma ujumbe, na hapo hufai kuanza kazi bali kumpigia simu. Angepanga maswali manne, bosi aliye njiani angejibu la kwanza na kuyaacha mengine.

Jibu lilikuja kwa maneno mawili: "Ya Lusaka." Karani alisimama, akaenda ubaoni kwenye orodha ya madereva, akaandika kwa chaki: Geti la Nakonde, mwisho saa tano ya Tunduma.