Kupima unukuzi wa daftari la Baray: kurasa chache, vipimo viwili

Mtu akikuambia kwamba unukuzi wake una usahihi wa asilimia 98, bado hujajua ubora wake mpaka akueleze alihesabu nini, katika kurasa zipi, na kwa kulinganisha na nakala ya nani. Hilo ni kweli popote, lakini katika maandishi ya kata ya Baray, wilayani Karatu, lina uzito wa pekee. Hapa ni bondeni mwa Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa kwa mifereji, na watu wanaoandika kwa Kiswahili wanataja majina yaliyotoka katika lugha ambazo hazina undugu. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kiisanzu ni cha Kibantu, na Kihadza hakina ndugu anayejulikana. Kumbukumbu za mkutano au daftari la zamu za maji huwa na Kiswahili chepesi sehemu kubwa, kisha ghafla jina linalomshinda mnukuzi, awe mtu au programu ya kompyuta. Hoja yangu ni kwamba wastani wa makosa huwasifu wanukuzi kwa Kiswahili kile chepesi na kuficha yale majina, na kwamba mpimaji makini anaweza kuliona hilo kwa kurasa zisizozidi kumi na mbili, akizichagua na kuzisoma ipasavyo.

Vipimo vyenyewe ni viwili na msingi wao ni mmoja. Kiwango cha makosa ya herufi, CER, na kiwango cha makosa ya maneno, WER, vyote vinatumia hesabu iliyoelezwa na Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965: ni marekebisho mangapi, kwa uchache, yanatosha kuugeuza unukuzi uwe sawa na nakala ya rejea. Marekebisho ni ya aina tatu. Kilichobadilishwa kinarudishwa, kilichodondoshwa kinaongezwa, na kilichochomekwa bure kinaondolewa. Jumla yake inagawanywa kwa idadi ya herufi, au ya maneno, ya nakala ya rejea. Kwa CER nafasi kati ya maneno nayo huhesabiwa kama herufi. Tuchukue mstari mmoja wa mfano na unukuzi wake:

```
import jiwer
ref = "Zamu ya maji ya Qang'dend imeanza Jumatatu"
hyp = "Zamu ya maji ya Qangdend ime anza Jumatatu"
print(jiwer.cer(ref, hyp))   # 2/42 = 0.048
print(jiwer.wer(ref, hyp))   # 3/7  = 0.429
```

Rejea ina herufi 42 pamoja na nafasi, na maneno saba. Makosa ya herufi ni mawili tu: ritifaa imedondoka, na nafasi imechomekwa katikati ya kitenzi. CER ni chini kidogo ya asilimia 5. Kwa upande wa maneno, jina la mahali limeharibika, na "imeanza" limegeuka maneno mawili, jambo ambalo hesabu inaliona kuwa neno moja lililobadilishwa na jingine lililochomekwa. Hayo ni makosa matatu katika maneno saba, yaani karibu asilimia 43. Mstari ni uleule, na hakuna kipimo kilichodanganya. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja refu, kwa hiyo herufi moja ikiteleza neno zima linahesabiwa kuwa limekosewa. Ndiyo maana si haki kulinganisha WER ya Kiswahili na ya Kiingereza na kusema kwamba wanukuzi wa Kiswahili ni wazembe zaidi.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, tuiache WER na tubaki na CER. Nisingeafiki. Vipimo hivi viwili vikisomwa pamoja vinaonyesha jinsi makosa yalivyokaa. Makosa yakitawanyika ovyo, na neno likiwa na wastani wa herufi tano au sita, CER ya asilimia 2 inapaswa kuzaa WER ya takribani asilimia 10 hadi 11. Ukikuta WER iko chini ya hapo, makosa yamerundikana katika maneno machache, na kazi yako ni kuyatafuta maneno hayo. Ukiikuta iko juu sana, shuku nafasi kwanza: vitenzi vimekatwa au maneno yameunganishwa, na hilo mara nyingi husahihishwa kwa urahisi.

Kabla ya hesabu yoyote, nakala ya rejea iwe ya kuaminika. Njia inayofaa ni watu wawili kunukuu ukurasa uleule bila kuonana, kisha wa tatu, ikiwezekana mwenyeji anayejua majina ya vitongoji na koo, kuamua pale walipotofautiana. Pima pia tofauti kati ya wale wawili wa kwanza. Ikiwa wao wenyewe wanatofautiana kwa asilimia 1 ya herufi, anayedai kwamba programu moja ina makosa ya asilimia 0.8 na nyingine 0.9 anapima kitu ambacho rejea yake haiwezi kukibeba.

Linalofuata ndilo linaloharibu vipimo vingi vya eneo hili: usafishaji wa matini. Ni desturi, kabla ya kulinganisha, kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kufuta alama zote za uandishi, ili mnukuzi asiadhibiwe kwa mkato uliopotea. Kwa maandishi ya Baray desturi hiyo inafuta konsonanti. Katika tahajia ya Kiiraqw, mkwaju "/" ni herufi inayowakilisha sauti ya kooni. Watafiti wa Kihadza huandika sauti za kidoko kwa ǀ, ǃ na ǁ, na wengi huchapa alama ya mshangao ya kawaida badala ya ile ya pili, wakati tahajia nyepesi zaidi hutumia c, q na x. Hata katika Kiswahili chenyewe ritifaa ya ng' hutenganisha sauti mbili. Ukifuta alama zote, "Qang'dend" na "Qangdend" zinakuwa sawa, kosa linatoweka kwenye hesabu, na unukuzi unapanda daraja bila kurekebishwa. Kuna kosa la upande wa pili pia. Ritifaa ina sura kadhaa katika kompyuta: iliyonyooka, iliyopinda, na ile inayohesabiwa kuwa herufi. Rejea ikiwa na moja na unukuzi ukawa na nyingine, programu itahesabu kosa ambalo jicho haliwezi kuliona. Kanuni ninayoitetea ni finyu: ritifaa zote zipewe sura moja, nafasi mbili ziwe moja, na kisifutwe kingine chochote. Anayetaka kupima bila alama za uandishi na apime mara ya pili, aandike matokeo yote mawili, na aorodheshe alama alizofuta.

Sasa tuje kwenye kurasa. Tuchukulie daftari la kurasa 240: kurasa 180 ni kumbukumbu za mikutano zilizoandikwa kwa aya, na 60 ni majedwali ya zamu za maji. Nambari zitakazofuata nimezitunga ili hesabu ionekane. Kurasa za sampuli zichaguliwe kwa bahati nasibu kabla mtu hajalifungua daftari, kwa kuwa anayechagua huku akipekua huruka bila kujua ukurasa ulioloa na ule wenye wino uliopenya upande wa pili. Zichaguliwe pia kwa uwiano wa aina zake: tisa za aya na tatu za majedwali. Kurasa tisa za aya zinatoa herufi 9,900 na makosa 198, yaani CER ya asilimia 2.0. Majedwali yana herufi 1,500 na makosa 135, yaani asilimia 9.0. Kwa pamoja ni makosa 333 katika herufi 11,400, asilimia 2.9. Ninajumlisha makosa kwanza ndipo ninagawanya. Kuchukua asilimia ya kila ukurasa na kutafuta wastani wake huupa ukurasa wenye mistari mitano uzito sawa na ule uliojaa. Hata hivyo ile 2.9 peke yake haimfai mtu yeyote, maana hakuna ukurasa wa daftari hili unaofanana nayo. Toa nambari mbili, ya aya na ya majedwali.

Pingamizi kubwa ni kwamba kurasa kumi na mbili hazithibitishi lolote. Jibu linategemea unachotaka kuthibitisha. Herufi 9,900 zinaonekana nyingi, lakini hazikosewi moja moja kwa kujitegemea. Mwandiko, wino na unyevu huharibu ukurasa mzima kwa pamoja, kwa hiyo ushahidi wako uko karibu zaidi na vipande tisa kuliko elfu tisa. Jaribio rahisi ni kuondoa ukurasa mmoja mmoja na kukokotoa upya. Tuseme ukurasa mmoja wa aya una herufi 1,100 na makosa 56. Ukiuondoa, yanabaki makosa 142 katika herufi 8,800, na CER inashuka kutoka 2.0 hadi 1.6. Ikiwa ukurasa mmoja unaweza kuisogeza nambari kiasi hicho, sampuli hii haiwezi kuamua kati ya wanukuzi wawili wenye 2.0 na 1.7. Lakini inaonyesha wazi kwamba majedwali yananukuliwa vibaya kuliko aya, kwa sababu hakuna ukurasa wa kuondoa utakaoifuta tofauti ya 2 na 9. Swali likidai undani zaidi, ongeza kurasa. Kuongeza mistari ya kurasa zilezile hakutakusaidia sana.

Kisha fanya kile ambacho programu haikifanyi: kalamu mkononi, weka alama kwenye kila jina la mtu na mahali katika rejea, na uyahesabu peke yake. Katika kurasa zetu tisa za aya tuseme kuna maneno 1,600, na yaliyokosewa ni 128, WER ya asilimia 8, chini ya ile 10 tuliyoitarajia. Makosa yamerundikana. Majina ni 140, na 41 kati yake yana kosa, yaani asilimia 29. Majina ni chini ya sehemu moja ya kumi ya maneno yote, nayo yamebeba karibu theluthi ya maneno mabovu. Atakayesema kwamba kuyatenga majina ni kuutafutia unukuzi udhaifu, ajiulize daftari la zamu za maji hufunguliwa kwa sababu gani. Hufunguliwa ili kujua ni nani alipewa zamu, na ya mfereji upi.

Kwa hiyo daftari hili la mfano ningelipokea kwa kazi moja na kulikataa kwa nyingine. Kurasa za aya zinafaa kutafutia mada, kujua mkutano upi ulijadili mifereji na upi ulijadili malisho. Hazifai kutolewa kama ushahidi wa nani alikuwa na haki ya maji mpaka yale majina yasomwe upya, moja moja, na mtu wa Baray akiwa na ukurasa wenyewe mbele yake. Majedwali yanukuliwe upya yote 60.