Kilele Kimoja, Orodha Isiyo na Mwisho

Katika ofisi ninayofanyia kazi yuko mwandika programu mmoja, mtu mzima aliyeianza fani hii enzi za disketi, ambaye hagusi kibodi kabla hajachora. Akiletewa tatizo la kutafuta thamani iliyo kubwa kupita zote, huchukua karatasi, akachora mstari unaopanda kisha unaoshuka, halafu akamgeukia aliyelileta: "Mdogo wangu, una hakika unapanda mara moja tu?" Vijana wengi huliona swali hilo kama la kuwapotezea muda. Huitikia "Ndiyo, mzee," wakarudi mezani kwao na kuandika kitanzi kinachojaribu kila kitu toka mwanzo hadi mwisho, au wakanakili mistari sita mahali fulani na kuondoka nayo bila kuisoma. Mimi naona kwamba ufundi wote wa utafutaji wa thuluthi umo ndani ya swali lile, na linaponyamaziwa ndivyo ufundi wenyewe unavyotutoka.

Chukua bati la sentimita 40 kwa 30. Fundi anakata mraba katika kila pembe, miraba minne iliyo sawa, kisha anakunja kingo na kupata sanduku lisilo na mfuniko. Akikata mraba mdogo, anapata sinia. Akikata mkubwa, anapata kitu kirefu chembamba kisichobeba chochote. Katikati ya hayo mawili upo mkato mmoja unaotoa ujazo mkubwa kuliko yote. Fomula yake ni `x * (40 - 2*x) * (30 - 2*x)`, na `x` inaweza kuwa popote kati ya 0 na 15. Ndani ya eneo hilo ujazo unapanda, unafika kileleni, unashuka, basi.

Mwenye kujua kazi yake hajaribu mikato yote. Anaugawa urefu ule katika mafungu matatu yaliyo sawa na kupima kwenye mipaka miwili ya ndani, yaani 5 na 10. Kwenye 5 anapata sentimita za ujazo 3,000. Kwenye 10 anapata 2,000. Hapo ndipo penye uzuri wa mbinu hii. Vipimo hivyo viwili havimwambii kilele kiko wapi, ila vinamwambia mahali ambapo hakipo. Kama kilele kingekuwa mbele ya 10, ujazo ungekuwa bado unapanda kutoka 5 kwenda 10. Lakini umeshuka, kwa hiyo kila kilicho baada ya 10 kinatupwa bila kutazamwa. Eneo linabaki 0 hadi 10. Anapima tena kwenye thuluthi mpya: mkato wa 3.33 unatoa karibu 2,593, wa 6.67 unatoa karibu 2,963. Safari hii upande wa kulia ndio ulio juu, basi kilicho chini ya 3.33 kinatupwa. Raundi ya tatu inapima 5.56 na 7.78, na upande wa kulia unapunguzwa tena. Kazi yote inaingia katika mistari hii:

```python
while hi - lo > 0.01:
    m1 = lo + (hi - lo) / 3
    m2 = hi - (hi - lo) / 3
    if f(m1) < f(m2):
        lo = m1
    else:
        hi = m2
```

Kuna jambo moja kuhusu kilele ambalo halionekani katika mistari hiyo, nami kila nikilikumbuka hulistaajabia upya. Mkato bora kabisa wa bati letu uko karibu na 5.66, na ujazo wake ni kama 3,032.3. Mkato wa 5.56, ulio milimita moja pembeni, unatoa 3,031.6. Yaani ukikosea kwa milimita nzima unapoteza chini ya sentimita moja ya ujazo. Kadiri unavyokikaribia kilele ndivyo vipimo vinavyofanana, kwa sababu tofauti ya ujazo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali uliobaki. Kompyuta inayobeba tarakimu kama 16 za desimali inaweza kukupa urefu wa kilele kwa tarakimu karibu zote, lakini mahali kilipo inakupa kwa tarakimu kama 8 tu. Baada ya hapo inalinganisha makosa yake yenyewe ya kukadiria. Ndiyo maana husikitika nikiona kitanzi kilichoamriwa kizunguke mara mia moja, na jawabu likachapishwa kwa tarakimu 15 zote kana kwamba zote zimepimwa.

Waliotutangulia walikuwa wachungu wa vipimo, kwani kipimo kilikuwa kazi: jaribio la maabara, au usiku mzima wa mashine. Jack Kiefer, katika tasnifu yake ya uzamili pale MIT mwaka 1948, iliyotoka jaridani mwaka 1953, aliuliza ni namna gani mtu afikie kilele kwa vipimo vichache iwezekanavyo. Aligundua kwamba thuluthi ina ubadhirifu. Kila raundi inapima mara mbili, na matokeo yote mawili yanasahauliwa raundi inayofuata. Pointi zikipangwa kwa mfuatano wa Fibonachi, au kwa uwiano wa dhahabu ambao ni jamaa yake wa karibu, kipimo kimoja cha zamani huangukia mahali panapohitajika kipya, hivyo kila raundi inadai kimoja tu. Kwa bati letu, kulifikisha eneo la sentimita 15 chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kunahitaji raundi 19 za thuluthi, ambazo ni vipimo 38. Kwa uwiano wa dhahabu vinatosha 17. Kama kila kipimo ni bati halisi lililokatwa, mabati 21 yamepona.

Sasa turudi kwenye swali la yule mzee, maana kupanda mara moja tu hakutoshi. Pasiwe pia na tambarare njiani. Tuseme ujazo unaripotiwa kwa lita kamili, desimali zikikatwa, kama mifumo mingi inavyofanya kimyakimya. Raundi ya kwanza iko salama: mkato wa 5 unatoa lita 3, wa 10 unatoa lita 2, tunabaki na 0 hadi 10. Raundi ya pili, 3.33 na 6.67 zote zinasema lita 2. Ni sare, na mistari ile ikipata sare hukata kulia, hivyo inabaki 0 hadi 6.67. Hapa bado hakijaharibika kitu, kwa kuwa kilele kimo ndani. Raundi ya tatu inapima 2.22 na 4.44. Ujazo halisi ni 2,019 na 2,919, ambao hauwezi kuitwa sawa, lakini baada ya kukatwa desimali zote ni lita 2. Sare tena, kulia kunakatwa tena, na eneo linakuwa 0 hadi 4.44. Kilele kimetupwa nje, wala hakirudi. Kitanzi kitaendelea kuzunguka kwa utulivu na kuleta sanduku la lita 2, ilhali swali lake la kwanza kabisa lilikwisha kuiona lita ya tatu.

Ajali hiyo haina mlio. Hakuna ujumbe wa kosa, programu haikwami, jawabu linakuja na desimali zake nzuri. Mafundi wa zamani walikuwa na kinga moja rahisi: kutunza pembeni thamani bora iliyowahi kuonekana. Mwishoni, jawabu likiwa chini ya thamani hiyo, unajua kwamba sharti limevunjika. Haikamati kila hila, maana tambarare inaweza kukificha kilele tangu kipimo cha kwanza, lakini bati letu la lita ingelikamata.

Mzee huyo ana swali la pili, analolitoa pale data inapokuwa imepangwa lakini mwisho wake haujulikani: "Je, ukipita mwisho, utajuaje kwamba umepita?" Fikiria kumbukumbu zilizopangwa kwa tarehe, unazoomba moja moja kwa namba kutoka seva ya mbali, na hakuna anayekwambia ziko ngapi. Unataka ya kwanza isiyotangulia tarehe fulani. Huwezi kuanzia katikati, kwani katikati haipo. Unauliza namba 1, kisha 2, 4, 8, ukienda maradufu hadi uivuke. Ikiwa unayoitafuta ni ya 700, utavuka kwenye 1,024 baada ya maswali 11. Halafu unarudi kati ya 512 na 1,024 ukikata nusu kwa nusu, maswali 9 mengine. Jumla 20. Ingekuwa ya 700,000, mbali mara elfu, ungeuliza 40. Jon Bentley na Andrew Yao waliichambua njia hii mwaka 1976 na wakaonyesha jinsi inavyoweza kunolewa hata ikakaribia ukomo wa kinachowezekana. Ninachokipenda mimi ni adabu yake: gharama inafuata umbali wa unachokitafuta, wala haijali ghala lina ukubwa gani.

Swali la mzee ndilo linaloiokoa. Seva ikijibu "haipo", maana yake umepita mwisho, na jibu hilo lihesabiwe kama tarehe kubwa kuliko zote. Mtandao ukikatika, hilo silo jibu. Nimesoma programu zinazoyachukulia mawili hayo kuwa kitu kimoja: mtandao unayumba kwenye swali la 64, utafutaji unajifungia kati ya 32 na 64, na kumbukumbu ya 700 inatangazwa kuwa haikuwahi kuwepo. Kuna pia kurudufu kwenyewe. Namba ya biti 32 ikifika 1,073,741,824 na kuzidishwa kwa mbili inageuka kuwa hasi. Wala hili si jambo la wanagenzi peke yao. Mwaka 2006 Joshua Bloch aliandika kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu katika maktaba ya Java, alioutunga yeye mwenyewe, ulikaa na kosa la jamii hiyo kwa takriban miaka tisa, kwa sababu tu ya kujumlisha namba mbili kubwa kabla ya kugawa.

Kinga ya hapa nayo ni ndogo. Ukishapata jawabu, iombe kumbukumbu hiyo upya pamoja na ile iliyo kabla yake. Ya kwanza iwe imefikia tarehe, ya pili iwe haijafikia. Ni maswali mawili juu ya arobaini. Siku hizi napitia programu za wenzangu na kukuta maombi ya kuifuta mistari hiyo kwa hoja kwamba inachelewesha kazi, na ule mstari wa kutunza thamani bora unafutwa pamoja nayo kwa hoja kwamba "haitumiki". Anayeomba hivyo huwa ametoka kuandika, ukurasa huohuo, kitanzi kinachovuta kumbukumbu laki saba moja baada ya nyingine. Ombi linakubaliwa, na sanduku la lita mbili linakabidhiwa kwa mtu asiye na namna yoyote ya kujua kwamba bati lake lilikuwa na lita tatu.