Jibu Kabla ya Ijumaa Saa Kumi

Tangu mgodi wa dhahabu wa Shanta ulioko Mang'onyi, wilayani Ikungi, uanze kuzalisha mwaka 2023, fundi umeme wa huku mwenye cheti kizuri ana milango kadhaa ya kubisha: mgodi wenyewe, wakandarasi wanaouhudumia, kampuni za sola za Singida mjini, na serikali. Akiomba kote, majibu hayaji kwa mpangilio anaoutaka. Mara nyingi kazi asiyoipenda sana ndiyo inayojibu kwanza.

Tuchukue mfano wa fundi wa namna hiyo. Jumatatu amefanya usaili wa vitendo na wa mahojiano kwa mkandarasi wa mgodini, akaambiwa asubiri. Jioni hiyohiyo kampuni ya sola inamtumia barua ya ajira, ikitaka ajibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Serikalini amepita usaili wa mchujo, anangoja kuitwa kwenye mahojiano. Moyo wake uko kwa mkandarasi.

Fundi huyu akikaa kimya, mkandarasi atachukua wiki mbili au tatu, na hilo halina uhusiano na ubora wake. Afisa rasilimali watu aliyemsaili haamui peke yake. Anasubiri meneja wa karakana amalize zamu na kujaza fomu ya alama, anasubiri wadhamini wajibu barua pepe, anasubiri mkubwa aidhinishe mshahara. Kazi yenyewe katika hatua hizo ni ya saa chache. Siku zote nyingine ni faili kukaa mezani kwa sababu hakuna anayeliulizia. Afisa akienda kwa meneja bila sababu anaonekana msumbufu. Akienda na tarehe, ana la kusema: huyu mliyempa alama za juu, Ijumaa jioni hatunaye tena.

Kwa hiyo mwombaji anachompa afisa ni hoja ya kubeba kwenda kwa wengine, na hoja hiyo lazima iwe na vitu ambavyo afisa anaweza kuvirudia bila kuongeza chumvi. Jumanne asubuhi, fundi wetu angeandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Nashukuru kwa usaili wa jana. Napenda kukujulisha kuwa jana jioni nilipokea barua ya ajira kutoka kampuni nyingine, nao wanataka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kazi yenu ndiyo ninayoitaka zaidi, kwa sababu ya mitambo niliyoiona karakana. Je, inawezekana nipate uamuzi wenu kufikia Alhamisi? Wadhamini wangu wote wawili wanapatikana kwa simu leo na kesho."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Barua imetajwa kuwa barua, kwa kuwa ipo. Angekuwa ameitwa kwenye usaili tu, angesema "nimeitwa kwenye usaili". Tarehe imetajwa pamoja na saa. Ameeleza anakoegemea na kwa nini, maana afisa asipojua hilo ataogopa kuhangaikia mtu ambaye mwishowe atakwenda kwingine. Ombi ni moja, nalo linaacha siku nzima ya akiba kati ya Alhamisi na Ijumaa. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaondoa kikwazo kimoja kabla hakijatajwa. Jina la kampuni ya pili halikuhitajika. Mshahara pia haukutajwa, na mimi ningeuacha nje kabisa ya ujumbe huu: ukichanganya tarehe na fedha, msomaji anaona mnada, na faili linarudi kwa mwenye bajeti, ambaye ndiye mzito kuliko wote.

Baada ya hapo inafaa kujua kipi kinaweza kuharakishwa na kipi hakiwezi. Wadhamini wanaweza kupigiwa simu siku hiyohiyo. Meneja anaweza kukamilisha alama jioni moja. Vipimo vya afya kabla ya kuanza kazi, ambavyo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavitaka, havirukwi, lakini barua inaweza kutolewa kwa sharti la kufaulu vipimo. Barua ya namna hiyo ikija Alhamisi, fundi wetu aisome vizuri: kama bado yuko kwenye kazi ya mshahara wa mwezi, asitoe notisi mpaka vipimo vipite. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku hizo aziseme mapema anapoulizwa ataanza lini.

Ombi la serikalini ni jambo tofauti. Mchakato wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hauna mtu wa kumwandikia ujumbe kama huu. Tangazo la kuitwa kwenye usaili linatoka kwa wote, tarehe ni moja kwa wote wa kada ile, na majina ya wanaoitwa kazini yanatangazwa kwa pamoja. Kumharakishia mwombaji mmoja kungekuwa kuwaonea wenzake, na ni vizuri ratiba hiyo isisukumwe. Kosa ninaloliona ni kutumia ombi la serikalini kama tishio kwa mwajiri binafsi. Halina tarehe, hivyo halisukumi chochote. Linamwambia tu kwamba siku yoyote unaweza kuondoka. Fundi wetu hana wajibu wa kulitaja bila kuulizwa. Akiulizwa kama ana maombi mengine, aseme: yupo hatua ya mahojiano serikalini, na hajui wataitwa lini.

Wapo wanaotunga barua ya ajira ambayo haipo. Singida maafisa ajira wanafahamiana, wanakutana kwenye mafunzo, wanapigiana simu kuulizana juu ya watu. Zaidi ya hapo, uongo huu una namna mbili za kuanguka ambazo hazihitaji mtu kuchunguza. Afisa anaweza kuomba, kwa nia njema kabisa, nakala ya barua ili aipeleke kwa meneja. Au anaweza kujibu kwamba Ijumaa haiwezekani, akakutakia heri huko uendako. Jumatatu ukipiga simu kuulizia, tayari ameelewa.

Jibu la "haiwezekani" kwa mtu aliyesema kweli bado lina faida. Jumatano afisa akiandika kwamba mwenye kusaini yuko safarini hadi wiki ijayo, fundi anaweza kuirudia kampuni ya sola siku hiyohiyo na kuomba hadi Jumatano inayofuata, akieleza kwamba anasubiri uamuzi wa sehemu nyingine na utatoka lini. Wengine hukubali, wengine hukataa. Asiombe mara mbili. Na kama mkandarasi hajajibu kabisa hadi Alhamisi mchana, apige simu moja, kwa sababu ujumbe huzama. Sola ikikataa kuongeza muda na Ijumaa saa tisa bado hakuna neno, uamuzi unabaki kati ya barua iliyo mkononi na usaili uliokwenda vizuri, na ningeshauri achukue barua. Akishakubali, amwandikie dada wa kwa mkandarasi jioni hiyohiyo amweleze, asije akaendelea kumtafutia saini mtu ambaye ameshapata kazi.