M ya Mwanzo

Ujumbe wa sauti ukishatumwa WhatsApp hauna mkasi: unaweza kuusogeza mbele, lakini huwezi kuukata. Anayetaka kuupunguza hulitoa faili lenyewe, aghalabu lenye jina linaloanza na PTT na kuishia na .opus, akalifungua kwa Audacity, programu ya bure ya kompyuta iliyotoka mwaka 2000. (Likigoma kufunguka, huenda linadai maktaba ya FFmpeg.) Baada ya hapo kazi huonekana ya mchezo. Mawimbi ya sauti yamechorwa mbele yako. Unachagua sehemu unayoitaka, unabonyeza Ctrl+T, na kilichobaki nje kinatoweka. Urahisi huo ndio unaoponza watu, maana unawafanya wakate kwa macho, na Kiswahili hakikatiki kwa macho.

Chukua ujumbe wa dakika 2 ambao sekunde 14 za kwanza ni mngurumo wa pikipiki na "haloo, unanisikia?", ndipo yaje maneno yenyewe: "Mtoto amefika salama." Kwenye mchoro, kilima cha kwanza kinachoonekana wazi ni silabi "to". Ile m iliyotangulia ni mvumo mdogo wa puani, ukanda mwembamba unaofanana na ukimya. Jicho likiweka alama penye kilima, mpokeaji atasikia "toto amefika salama", na habari njema imegeuka kejeli. Ndivyo "nchi" inavyobaki "chi" na "mbona" ikawa "bona". Fundi mzuri hukuza mchoro, akarudi nyuma ya m hadi kwenye pumzi aliyovuta msemaji, akaicheza sekunde hiyo moja mara mbili tatu, kisha akabonyeza Z ili alama isogee hadi mahali wimbi linapokatiza mstari wa sifuri. Bila hatua hiyo ya mwisho huweza kusikika "tk" kavu pale penye mkato.

Wapo watakaosema kwamba Audacity inayo amri ya kupunguza ukimya yenyewe, Truncate Silence, sikio la nini tena? Lakini amri hiyo hupima ukubwa wa sauti tu, haijui kama kimya kile ni cha simu iliyosahauliwa mezani au cha mtu anayetafuta namna ya kutamka msiba. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Opus hupoteza kidogo kila inaposimbwa upya. Kweli. Asiyetaka hasara hiyo atumie Audacity kutafuta sekunde tu, kisha akate kwa ffmpeg, inayonakili bila kusimba upya:

```
ffmpeg -i PTT.opus -ss 13.6 -c copy kipande.opus
```

Njia hii hukata kwa vipande vya milisekunde kadhaa, haifikii usahihi wa Z. Ila ukikata ndani ya pumzi, hakuna atakayegundua. Kabla hujatuma, fumba macho usikilize sekunde mbili za mwanzo. Kama m haikusikika, faili la awali bado lipo: rudia.